Yogati na bakteria wake wawili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ninayoulizwa na watu wanaogandisha maziwa nyumbani au katika vibanda vidogo vya maziwa, na mengi huanzia kwenye chombo kilichokataa kuganda. Katika kuyajibu nimegundua kwamba karibu yote yanarudi kwenye mambo mawili: namna bakteria wawili wa yogati wanavyolishana, na namna joto linalowafaa lilivyo karibu sana na joto linalowaangamiza.

Bakteria hao wawili ni akina nani?

Wa kwanza, ukisoma pakiti ya mbegu ya unga, ameandikwa Streptococcus thermophilus. Chini ya hadubini huonekana kama punje za mviringo zilizotungwa kwenye uzi, mithili ya ushanga. Wa pili ameandikwa Lactobacillus delbrueckii subsp. bulgaricus, naye ana umbo la fimbo nyembamba. Majina hayo ni marefu kuyarudia, kwa hiyo katika ukurasa huu nitamwita wa kwanza bakteria wa punje na wa pili bakteria wa fimbo.

Neno la mwisho la jina la bakteria wa fimbo linatokana na nchi ya Bulgaria. Mwaka 1905 Stamen Grigorov, mwanafunzi wa udaktari kutoka Bulgaria aliyekuwa akisoma Geneva, aliwachunguza bakteria wa maziwa ya kugandishwa ya kwao na kumweleza huyu wa fimbo. Neno la mwisho la jina la bakteria wa punje maana yake ni mpenda joto, na baadaye tutaona kwamba sifa hiyo huwapotosha watu wengi.

Viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex Alimentarius, katika kiwango namba 243 cha mwaka 2003, vinataka bidhaa iitwayo yogati iwe imegandishwa na hawa wawili kwa pamoja. Mtengenezaji anaweza kuongeza bakteria wengine, lakini hawachukui nafasi ya wawili hawa.

Je, mtindi, maziwa lala na yogati ni kitu kimoja?

Katika mazungumzo ya kila siku tunachanganya majina hayo, na hakuna ubaya, ila kwa upande wa bakteria ni vitu tofauti. Maziwa yanayoachwa yagande yenyewe kwenye kibuyu au kwenye sufuria, bila kupashwa wala kufunikwa kwa blanketi, huchachushwa na mchanganyiko wa bakteria wanaopenda joto la kawaida la chumba, yaani nyuzi 20 hadi 30 hivi, na kazi hiyo huwachukua usiku kucha au zaidi. Yogati hugandishwa kwenye joto la nyuzi 42 au 43, na ikiwa mbegu ni nzuri huwa tayari katika muda wa saa nne hadi sita. Ndiyo maana mtu aliyezoea mtindi wa nyumbani akitia mbegu ya yogati katika maziwa yaliyopoa kabisa huamka asubuhi na kukuta maziwa mepesi. Bakteria hawajafa, bali wanasinzia kwa baridi.

Kwa nini wawili? Mmoja hatoshi?

Kila mmoja anaweza kuchachusha maziwa akiwa peke yake, kwa kuwa wote wawili wanakula sukari ya maziwa, iitwayo laktosi, na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki. Tofauti iko kwenye mwendo. Ukiwatia pamoja, maziwa huganda kwa saa chache. Ukiwatenganisha, kila mmoja hujivuta kwa muda mrefu zaidi, na kile kinachopatikana hakina ladha kamili ya yogati. Yule wa punje peke yake hutoa kitu laini lakini kilichopooza, na yule wa fimbo peke yake huchelewa kuanza, kisha huishia kwenye ukali mwingi.

Sababu ni kwamba maziwa, pamoja na utajiri wake wote, ni chakula kigumu kwa bakteria. Sukari ipo tele, lakini protini yake kubwa, kazeini, imefungamana katika vifungu ambavyo bakteria hawezi kuvimeza vikiwa vizima. Maziwa yana vipande vidogo vya protini vilivyo huru, ila ni vichache sana, na bakteria wanaozaliana kwa kasi huvimaliza mapema. Hapo ndipo wanapoanza kuhitajiana.

Bakteria wa fimbo anamsaidiaje mwenzake?

Kwa kumkatia chakula. Bakteria wa fimbo ana kimeng'enya kilichobandikwa upande wa nje wa ngozi yake, nacho hukatakata kazeini kuwa vipande vifupi viitwavyo peptidi, ambavyo baadaye huvunjwa kuwa asidi amino. Kwa kuwa kazi hiyo inafanyika nje ya mwili wake, hawezi kuvidaka vyote peke yake, na vingi husambaa katika maziwa. Bakteria wa punje, ambaye kwa aina nyingi ana uwezo mdogo sana wa kukata kazeini, hula makombo hayo na kuongeza kasi ya kuzaliana.

Nalinganisha jambo hili na mtu anayechana muwa jikoni kwa panga: vipande vinaruka huku na huku, na watoto waliosimama kando nao wanapata. Mchanaji hakukusudia kuwagawia, ila ndivyo kazi yenyewe ilivyo. Bakteria hawana nia njema wala mbaya, na ushirikiano huu unatokana na mabaki tu, yaani kila mmoja anakula kile ambacho mwenzake ameshindwa kukizuia kisitoroke.

Na bakteria wa punje anamrudishia nini?

Anamrudishia vitu vitatu vinavyojulikana vizuri. Cha kwanza ni asidi fomiki, ambayo ni ileile inayowasha mtu akiumwa na baadhi ya aina za sisimizi, ingawa hapa ni kiasi kidogo mno ambacho ulimi hauwezi kukitambua. Bakteria wa fimbo anaihitaji ili kujenga viambato vya vinasaba vyake, na yeye mwenyewe hana njia nzuri ya kuitengeneza. Akiikosa, mwili wake huendelea kurefuka bila kugawanyika sawasawa, na chini ya hadubini unaona fimbo ndefu zisizo za kawaida.

Cha pili ni kaboni dioksidi, ambayo bakteria wa punje huipata hasa kwa kuvunja urea iliyomo kwenye maziwa. Tunapochemsha maziwa tunafukuza sehemu kubwa ya hewa iliyoyeyuka ndani yake, pamoja na kaboni dioksidi, na bakteria wa fimbo huihitaji hiyo anapoanza kukua. Cha tatu ni folati, mojawapo ya vitamini za kundi B.

Kuna pia huduma isiyo ya chakula. Bakteria wa punje humaliza oksijeni iliyobaki kwenye maziwa na kuyatia uchachu wa mwanzo, na mazingira hayo yenye uchachu na upungufu wa hewa ndiyo yanayompendeza mwenzake. Kwa hiyo yeye hutangulia na kutayarisha nyumba.

Ni nini hasa kinatokea ndani ya chombo katika saa hizo nne?

Tuchukue lita moja ya maziwa yaliyochemshwa na kupoa hadi nyuzi 44, kisha tutie gramu 30 za yogati nzuri ya jana, yaani vijiko viwili vya kulia chakula vilivyojaa. Tuchukulie kwamba kila gramu ya mbegu hiyo ina bakteria hai milioni 100, ambacho ni kiasi cha kawaida kwa yogati mbichi. Tumetia bakteria bilioni 3, na wakisambaa kwenye lita nzima, kila gramu ya maziwa inapata kama milioni 3. Yogati iliyo tayari ina mamia ya milioni kwa kila gramu. Kutoka milioni 3 hadi milioni 768 ni kujirudufisha mara nane tu: 3, 6, 12, 24, 48, 96, 192, 384, 768. Kila mara ikichukua nusu saa, jumla ni saa nne. Hesabu hii imerahisishwa, kwa sababu bakteria huchukua muda kuamka na mwishoni hupunguza kasi, lakini inatosha kueleza kwa nini muda wa yogati ni saa nne hadi sita, wala si saa moja.

Katika nusu ya kwanza ya muda huo anayetawala ni bakteria wa punje. Maziwa mabichi yana kipimo cha pH cha karibu 6.7, na yeye huyashusha taratibu hadi kwenye 5.5. Ukichungulia wakati huo hutaona kitu. Maziwa ni maziwa, ingawa pua yenye uzoefu huanza kuhisi. Kadiri uchachu unavyoongezeka, bakteria wa punje hupunguza kasi na yule wa fimbo, anayestahimili ukali zaidi, hushika usukani. Kipimo kikikaribia 5.2, vifungu vya kazeini huanza kushikana, na hapo ndipo ukiinamisha chombo unaona uso wa maziwa unasogea kwa pamoja, kama uji mzito, badala ya kuteleza. Kikifika 4.6 kazeini imeganda kikamilifu, na ndio wakati wa kuondoa chombo kwenye joto na kukipeleka kwenye baridi. Ile harufu ya yogati, inayokaribiana kidogo na ya tufaha bichi, inatokana na asetaldehidi, na sehemu kubwa yake hutengenezwa na bakteria wa fimbo. Kwa hiyo chombo kilichoganda lakini hakinukii chochote mara nyingi kinakuambia kwamba wa fimbo hakupata nafasi.

Kama mmoja wao anaitwa mpenda joto, kwa nini joto huwaua?

Kupenda joto hapa maana yake ni kupenda nyuzi 40 na kitu. Bakteria wa punje hustawi zaidi karibu na nyuzi 40 hadi 42, na yule wa fimbo hupenda kidogo juu ya hapo, kama nyuzi 43 hadi 46. Ukipita nyuzi 50 wote wawili hukaribia kuacha kuzaliana. Ukifika 60 hawajitahidi tena kukua, bali wanahesabiana dakika za kuishi. Umbali kati ya joto la karamu na joto la maziko ni nyuzi zisizofika 20, na mkono wa mwanadamu haupimi tofauti hiyo kwa uhakika.

Kinachowaua ni mambo kadhaa yanayotokea kwa pamoja. La kwanza ni protini zao. Kila kimeng'enya ndani ya bakteria ni uzi mrefu uliokunjwa kwa umbo maalumu, na umbo hilo ndilo linalofanya kazi. Joto hutikisa mikunjo hiyo hadi ifumuke, kisha nyuzi zilizofumuka hunasana zenyewe kwa zenyewe, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe kwenye kikaango na usirudi tena kuwa maji hata ukiupoza. Bakteria ana protini nyingine ambazo kazi yake ni kukunja upya zile zinazofumuka, na akipata joto la ghafla huzitengeneza kwa wingi. Hizo humwokoa kwa mtikisiko mdogo, lakini joto likizidi, uharibifu huenda kasi kuliko ukarabati.

La pili ni utando unaomzunguka. Utando huo umetengenezwa kwa mafuta, na kila mtu aliyewahi kuweka samli kabatini anajua tabia ya mafuta: kwenye baridi huganda, kwenye joto hulainika na kutiririka. Bakteria hupanga mafuta ya utando wake yawe na ulaini unaofaa kwenye joto analoishi. Joto likipanda kupita kiasi, utando hulegea na kuvuja, na kwa bakteria wa yogati uvujaji huo ni mbaya mara mbili. Hawa wanaishi ndani ya asidi waliyoitengeneza wenyewe, na muda wote wanatumia nguvu kuisukuma nje ili ndani ya seli pasiwe pachachu. Utando ukivuja, asidi huingia na nguvu huisha. Hii ndiyo sababu bakteria waliomo ndani ya yogati iliyokwisha kuganda hufa kwa joto upesi kuliko wakiwa kwenye maziwa matamu.

La tatu ni viwanda vidogo vya kutengeneza protini, viitwavyo ribosomu, ambavyo navyo huvunjika. Seli iliyopoteza ribosomu zake haiwezi kujitengenezea zana za kujirekebisha, hata kama vinasaba vyake bado ni vizima. Mwishowe, hawa wawili hawana uwezo wa kujifungia ndani ya mbegu ngumu za kustahimili moto, kama wanavyofanya baadhi ya bakteria wa udongoni. Hawana pa kujificha.

Basi kwa nini maziwa huchemshwa kwanza?

Kwa sababu joto lilelile linaloua bakteria wa yogati huua pia wale tusiowataka, na likitangulia kabla ya mbegu linasafisha uwanja. Lakini hiyo si sababu pekee, wala kwa maziwa ya pakiti yaliyokwisha kuchemshwa kiwandani si sababu kubwa. Ukipasha maziwa hadi nyuzi 85 na kuyashikilia hapo kwa dakika 30, au nyuzi 90 hadi 95 kwa dakika tano hadi kumi, protini nyingine za maziwa, zile ambazo kwa kawaida huenda na maji, hufumuka na kujishikiza kwenye kazeini. Baadaye yogati ikiganda, protini hizo huwa sehemu ya wavu na huyashika maji. Maziwa yasiyopashwa hivyo hutoa yogati legelege yenye kidimbwi cha maji ya kijani-njano juu yake.

Kupasha pia hufukuza oksijeni na kutengeneza asidi fomiki kidogo kutoka kwenye sukari ya maziwa, jambo linalompa bakteria wa fimbo msukumo wa mwanzo. Kwa wakazi wa miji ya juu, kama Nairobi, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 badala ya 100. Kwa kazi hii tofauti hiyo haina madhara, lakini ni vizuri kuijua unapohakiki kipimajoto chako kwa maji yanayochemka, usije ukakitupa ukidhani kimeharibika.

Nilitia mbegu maziwa yakiwa bado ya moto kidogo. Je, mbegu ya baridi haikuyapoza?

Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko mengine yote, na hesabu yake ni rahisi. Chukua lita moja ya maziwa yenye nyuzi 70, utie gramu 30 za mbegu iliyotoka kwenye friji ikiwa na nyuzi 4. Joto la mchanganyiko litakuwa nyuzi 68. Vijiko viwili vya baridi vimepunguza nyuzi mbili tu, basi. Sufuria ya lita moja iliyofunikwa kwa blanketi, kama tunavyofanya ili isipoe, itabaki juu ya nyuzi 60 kwa muda mrefu, na blanketi tuliloliweka kuwatunza bakteria ndilo linalowamaliza. Ukitia mbegu hiyohiyo kwenye maziwa yenye nyuzi 45, mchanganyiko unakuwa na nyuzi karibu 44, ambako ndiko wanakotaka.

Kifo cha joto hakiji kwa wote kwa mara moja. Hupunguza idadi kwa mafungu. Tuseme, kwa mfano, kwamba kwenye joto fulani kila dakika inaua tisa kati ya kila kumi. Ile mbegu yetu ya bakteria bilioni 3, baada ya dakika sita, itakuwa na bakteria 3,000, yaani kama watatu kwa kila gramu ya maziwa. Hao watatu wakianza tena kujirudufisha kila nusu saa, watahitaji mara 28 kufika mamia ya milioni, ambazo ni saa 14. Wakati huo sufuria imepoa, na zile mbegu ngumu za bakteria wa udongoni zilizonusurika kuchemshwa zimepata muda wa kuota bila asidi ya kuzizuia. Kwa hiyo mtu anayeniambia kwamba yogati yake iliganda kesho yake jioni na ina harufu ya ajabu, namshauri aimwage.

Kuna nusu-ajali nyingine iliyo ngumu zaidi kuitambua. Bakteria wa punje ni mgumu kuliko mwenzake, na baadhi yao huweza kustahimili nyuzi 60 kwa nusu saa, ilhali yule wa fimbo huanguka mapema. Mbegu iliyoungua kidogo, kwa hiyo, haifi yote. Inapoteza mmoja wa wenzi. Maziwa yataganda kwa kuchelewa, yatakuwa laini, yasiyo na ukali wala harufu, na ukitumia yogati hiyo kama mbegu ya kesho hali itaendelea kuwa hivyo. Mwenye chombo husema maziwa ya siku hizi si kama ya zamani, kumbe kosa lilifanyika wiki mbili zilizopita.

Nitajuaje kama ni joto lililoniharibia au ni kitu kingine?

Gawanya maziwa kwenye vyombo viwili au vitatu na ubadilishe jambo moja tu. Niliwahi kufanya hivyo jikoni kwangu kwa mitungi mitatu ya jamu, maziwa yakiwa ya sufuria moja. Wa kwanza niliutia mbegu kwenye nyuzi 44. Wa pili niliutia mbegu ileile kwenye nyuzi 70, nikaufunga kwa taulo kwa nusu saa kabla ya kuuacha upoe hadi 44. Wa tatu niliutia kwenye nyuzi 44, lakini kwa mbegu iliyotoka kwenye pakiti ya yogati inayouzwa nje ya friji. Baada ya saa tano wa kwanza ulikuwa umeganda, na kijiko nilichokichoma kilisimama kidogo kabla ya kuinama. Wa pili na wa tatu ilikuwa maziwa tu. Saa tano nyingine zilipopita haikuwa na dalili yoyote ya kuganda.

Kama umetia mbegu kwenye joto sahihi na mbegu ni hai, na bado maziwa hayagandi, shuku maziwa yenyewe. Ng'ombe aliyetibiwa ugonjwa wa kiwele hutoa dawa ya penisilini kwenye maziwa kwa siku kadhaa, na bakteria wa punje ni dhaifu sana mbele ya dawa hiyo. Kiasi kidogo mno kinatosha kumsimamisha. Kuchemsha nyumbani hakuondoi dawa hiyo kwa uhakika. Dalili ni kwamba mbegu ileile inagandisha vizuri maziwa ya pakiti lakini inakwama kwenye maziwa ya muuzaji wako. Hapo ongea na mfugaji, maana tatizo si sufuria yako.

Yogati yangu huganda vizuri lakini ni kali mno. Nimekosea wapi?

Huenda umemwachia bakteria wa fimbo uwanja. Joto la juu kidogo, mfano nyuzi 46, pamoja na muda mrefu, humpendelea yeye, kwa kuwa mwenzake hukomeshwa na asidi mapema. Anayeacha chombo chini ya blanketi tangu saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi anapata yogati ya fimbo zaidi kuliko ya punje, na akiifanya mbegu, ya kesho itaanza ikiwa imeinama upande huohuo. Toa chombo mara tu kinapoganda, kipoze, na chukua mbegu kwenye yogati isiyozidi siku tatu hivi. Kumbuka pia kwamba bakteria wa fimbo huendelea kutoa asidi polepole hata kwenye friji, ndiyo maana yogati ya Ijumaa huwa kali kuliko ilivyokuwa Jumatatu.

Yogati ya dukani isiyohitaji friji ina bakteria hai?

Kwa kawaida haina. Ili ikae miezi kwenye rafu, hupashwa moto baada ya kugandishwa, na bakteria walioitengeneza hufa humohumo. Ladha na uzito hubaki, kwa sababu asidi na kazeini iliyoganda hazitegemei uhai wao tena. Codex inataka yogati iwe na angalau bakteria milioni 10 kwa kila gramu hadi mwisho wa muda wake wa matumizi, lakini sharti hilo haliihusu bidhaa iliyopashwa moto baada ya kuchachushwa, nayo inapaswa kujieleza hivyo kwenye pakiti. Soma maandishi madogo kabla ya kuinunua kwa ajili ya mbegu.

Kwa mtu ambaye tumbo lake hukataa maziwa, tofauti hiyo ina uzito. Bakteria hai hubeba kimeng'enya cha kuvunja laktosi, na wakifika kwenye utumbo hukiachia kikafanye kazi ambayo mwili wa mlaji haukuweza. Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilikubali dai hilo kwa yogati yenye angalau bakteria hai milioni 100 kwa gramu. Joto linapowaua bakteria huharibu pia kimeng'enya hicho, nacho ni protini kama nyingine.

Nikitia yogati kwenye mchuzi unaochemka?

Bakteria watakufa kwa dakika chache, na ladha itabaki. Kama unaitumia kulainisha nyama kabla ya kupika, asidi imekwisha kufanya kazi yake. Usitegemee tu kwamba mchuzi huo utalisaidia tumbo kama yogati mbichi.

Na baridi nayo huwaua?

Friji huwalaza, haiwaui kwa haraka, ingawa idadi yao hupungua siku hadi siku kwa sababu ya asidi wanayoogelea ndani yake. Friza ni kali zaidi: barafu hutoboa tando, na bakteria wa fimbo huumia kuliko mwenzake. Mbegu iliyogandishwa kwenye trei ya barafu kwa wiki mbili bado inaweza kufanya kazi, ila iongezee kiasi, na uipe saa moja au mbili zaidi kuliko ulivyozoea.